Mfupa wa Paja Kutoka Siberia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Juu ya Safari ya Kutoka Afrika

Kila nikirudi na wanafunzi kutoka pango la Kuumbi, kule Jambiani, Unguja, maswali hayabaki pangoni. Hunifuata ndani ya daladala, barazani kwenye kahawa, na mara nyingine hata nikishatoka sala ya alasiri. Hapa nimeyaweka yale yanayorudi zaidi. Utaona nakaa sana juu ya mfupa mmoja uliookotwa mbali na kwetu. Nina sababu: huo ndio uliowapatanisha watu wa mifupa na watu wa jeni, na ugomvi wao ulikuwa mkubwa.

Ugomvi gani huo?

Wa tarehe. Watu wa mifupa walikuwa na ushahidi mkononi. Katika pango la Misliya, kwenye Mlima Karmeli huko Israeli, ilipatikana mwaka 2002 nusu ya taya la juu lenye meno yake. Umbo lake ni la binadamu kama sisi, na vipimo vilivyotangazwa mwaka 2018 vililipa umri wa miaka kati ya 177,000 na 194,000. Si mbali na hapo, mapango ya Skhul na Qafzeh yalikwishatoa mifupa ya watu kama sisi ya miaka kati ya 90,000 na 120,000. Kwa hiyo, wakasema, watu walishatoka Afrika zamani za zamani.

Watu wa jeni nao walichukua vinasaba vya watu walio hai leo nje ya Afrika, Mchina, Mzungu, Mhindi, mwenyeji wa asili wa Australia, mwenyeji wa asili wa Amerika, wakazifuata nasaba zao kurudi nyuma. Zote zikakutana kwenye kundi moja dogo lililotoka Afrika kiasi cha miaka 50,000 au 60,000 tu iliyopita. Pengo baina ya hesabu hizi mbili ni zaidi ya miaka laki moja.

Mzee mmoja wa Makunduchi nilipomweleza hili alicheka. "Mwalimu, hapo hapana ugomvi. Ukikuta kaburi la kale mjini, na wenye mji wote wakakwambia babu zao walikuja baadaye, kaburi si la uongo na wao si waongo. Waliozikwa pale ni watu wengine, wakahama au wakamalizika."

Alipatia hasa. Lakini sayansi haikutaka mfano tu, ilitaka namna ya kuthibitisha.

Kwani mifupa peke yake haitoshi? Au jeni peke yake?

Mfupa unakwambia kwamba mtu wa umbo hili alikuwepo mahali hapa, wakati huu. Haukwambii kama alizaa, wala kama wajukuu zake wapo mpaka leo. Unaweza kuushika mkononi mfupa wa mtu ambaye ukoo wake ulizimika vizazi vitatu baada yake, usijue.

Vinasaba vya watu walio hai vina kasoro ya upande wa pili. Kila aliyeandikwa humo alizaa na uzao wake ukafika, maana asingezaa asingekuwemo. Ila havisemi mababu hao walikuwa wamesimama wapi, na waliomalizika hawamo kabisa. Halafu saa yao, yaani kasi ya kuzuka kwa tofauti katika vinasaba, inataka kusetiwa. Unaweza kuhesabu tofauti baina ya watu wawili, lakini kugeuza tofauti hizo kuwa miaka kunahitaji ujue kasi ya saa. Kasi hiyo zamani ilikuwa ikikisiwa kwa kulinganisha binadamu na sokwe, na kisio hilo lilikuja kuonekana lilikuwa kubwa karibu mara mbili.

Kilichotakiwa, basi, ni mfupa wenye tarehe yake na ambao vinasaba vyake vingali ndani.

Ndio huo mfupa wa Siberia?

Ndio huo. Mwaka 2008 mchongaji wa pembe aitwaye Nikolai Peristov alikuwa akitembea kando ya mto Irtysh, magharibi ya Siberia, akitafuta pembe za tembo wa kale wenye manyoya. Akaona mfupa wa paja umetokeza kwenye ukingo uliomeng'enywa na maji. Ni mfupa wa mwanamme, bila fuvu, bila kaburi, bila hata jiwe la kuchongea karibu yake. Ukaitwa kwa jina la mji wa jirani, Ust-Ishim.

Kwa kipimo cha kaboni ulionekana una miaka kiasi cha 45,000. Hiyo ni karibu na ukomo wa kipimo chenyewe. Kaboni ya mionzi hupungua nusu kila miaka 5,730, na ikishapita miaka 50,000 kinachobaki ni kidogo mno hata vumbi la leo likiingia linaharibu hesabu. Ndiyo maana taya la Misliya lilipimwa kwa njia nyingine, kwa urani na kwa mwanga uliohifadhiwa ndani ya mawe yaliyoungua moto.

Maabara ya Leipzig, Ujerumani, ilitoboa kidogo ule mfupa, ikapata vinasaba vilivyohifadhiwa vizuri kupita matarajio. Mwaka 2014 walitangaza kwamba kila herufi yake, yaani kila kiungo kimoja cha kikemia katika kamba ya vinasaba, wameisoma wastani wa mara 42. Kuna watu walio hai ambao hawajasomwa kwa uangalifu huo.

Watajuaje kwamba vinasaba ni vya yule marehemu na si vya aliyeushika mfupa?

Hili ni swali zuri kuliko yote, na aliyeliuliza mara ya kwanza alikuwa msichana wa kidato cha pili.

Vinasaba vya kale vina alama mbili. Kwanza vimekatikakatika. Mtu akifa, kamba ndefu ya vinasaba huvunjika mpaka vipande vya herufi chache, mara nyingi chini ya 100. Kipande kirefu sana kikitokea, mtafiti anaanza kushuku. Alama ya pili ni ya kikemia. Katika ncha za vipande vya kale herufi C huoza, na mashine ikaisoma kama T. Kwa hiyo T zinajazana mwishoni mwa vipande kuliko katikati. Vinasaba vya mtu aliyepiga chafya jana juu ya mfupa havina uozo huo. Wakihofia uchafu, wataalamu huchagua vile vipande vyenye ncha zilizooza tu na kufanya hesabu upya. Jawabu likibaki lile lile wanatulia, likibadilika wanajua kuna mtu kaingia asiyehusika.

Saa ya jeni inakwenda vipi?

Fikiria utenzi mrefu unaonakiliwa kwa mkono. Mwandishi wa kwanza anaukopi kutoka kwa mwalimu wake, mwanafunzi wake anaukopi kutoka kwake, na kila mmoja anakosea herufi mbili tatu. Anayefuata hajui kuwa ni kosa, anaandika vile vile alivyoona. Nakala ya leo ina makosa ya waandishi wote waliopita.

Yule mtu wa Ust-Ishim ni nakala iliyofungiwa sandukuni miaka 45,000 iliyopita. Kunakili kwake kulisita. Kwetu sisi kuliendelea. Kwa hiyo ukilinganisha nakala yake na ya mtu wa leo, yake inapaswa kuwa na makosa machache, na upungufu huo ni makosa ya miaka 45,000 kamili. Kaboni imeshatupa miaka, vinasaba vimetupa idadi ya makosa, tunagawa tu.

Jawabu lilikuwa kati ya makosa 0.4 na 0.6 kwa kila herufi bilioni moja kwa mwaka. Tuchukue 0.5 ya katikati. Utenzi wetu, ule tunaorithi kwa mzazi mmoja, una herufi kiasi cha bilioni 3. Kwa mwaka hupata kosa moja na nusu. Zidisha kwa 45,000 upate 67,500. Hayo ndiyo makosa ambayo yule bwana hakuwahi kuyapata. Ni mengi ya kutosha kuhesabika bila kubabaisha, na ni machache sana ukiyaweka mbele ya bilioni 3.

Saa ikishasetiwa namna hii, ile tarehe ya kundi dogo lililotoka Afrika haikuwa tena makisio ya kuazima kwa sokwe.

Na Waneandathali wanaingiaje hapa?

Wanaingia kama saa ya pili, na mimi naipenda kuliko ya kwanza.

Waneandathali walikuwa binadamu wa aina nyingine walioishi Ulaya na sehemu za Asia kabla ya sisi kufika. Mwaka 2010 ilibainika kwamba watu wote wa leo wenye asili ya nje ya Afrika wana kiasi cha asilimia 2 ya vinasaba vyao. Yaani mababu wa watu hao, wakiwa bado pamoja, walioana na Waneandathali, kisha wakatawanyika wakiwa wamebeba mchanganyiko huo.

Sasa nenda kwa mama anayesuka ukili wa mkeka. Chukua ukili mmoja mweupe na mmoja mwekundu, kila mmoja mrefu kama uwanja. Mwekundu ni Mneandathali. Kila kizazi, kabla ya kumpa mtoto, kili mbili za mzazi hukatwa mahali pachache na kuunganishwa kwa kubadilishana vipande. Mjukuu wa kwanza bado ana mapande marefu mekundu. Kadiri vizazi vinavyopita, kila pande jekundu linakatwa tena na tena, mpaka vinabaki vijipande. Urefu wa wekundu unakwambia ni vizazi vingapi vimepita tangu ndoa ile.

Mkato huanguka takriban mara moja katika kila herufi milioni 100 kwa kizazi. Tuseme vimepita vizazi 300. Kipande cha wastani kitakuwa na herufi milioni 100 ukigawa kwa 300, yaani kiasi cha 330,000. Kwa mtu wa leo, ambaye vizazi vilivyopita ni zaidi ya 1,500, kipande cha wastani kinashuka chini ya herufi 70,000. Vipande vya mtu wa Ust-Ishim vilikuwa virefu kuliko vyetu, na hesabu kamili iliweka mchanganyiko vizazi kati ya 232 na 430 kabla yake. Kizazi kimoja tukikipa miaka 29, hiyo ni miaka 7,000 hadi 13,000. Jumlisha na 45,000 yake, unafika kati ya 52,000 na 58,000.

Mwaka 2024 yakaja mafupa mengine, vipande vya watu wasiopungua sita kutoka Ranis, Ujerumani, na fuvu la mwanamke kutoka Zlatý kůň, Ucheki, wote wa kiasi cha miaka 45,000 iliyopita na wa ukoo mmoja. Katika watu wa Ranis mlikuwemo mama na binti yake. Wekundu wao ulikuwa mrefu zaidi, na tarehe ya mchanganyiko ikasogea karibu zaidi, kati ya miaka 45,000 na 49,000. Hizi hesabu mbili hazilingani sawasawa, na sioni haya kulisema. Mchanganyiko haukuwa harusi ya siku moja, uliendelea kwa miaka elfu kadhaa, na kila mfupa unaushika kwa pembe yake.

Basi wale wa Misliya na Qafzeh walikwenda wapi?

Hapa ndipo mzee wa Makunduchi anapopata haki yake. Ikiwa watu wote wa nje ya Afrika wanashiriki mchanganyiko mmoja wa kiasi cha miaka 50,000 iliyopita, basi mtu aliyekuwa nje ya Afrika miaka 180,000 iliyopita hakuwa babu yao, au mchango wake ni mdogo kiasi cha kutoonekana. Alitoka kweli. Ukoo wake haukufika.

Haikuwa ajabu ukoo kukatika. Taya la Oase, lililopatikana Romania mwaka 2002, ni la mtu wa kiasi cha miaka 40,000 iliyopita aliyekuwa na vinasaba vya Waneandathali asilimia 6 hadi 9. Vipande vyake vyekundu ni vikubwa mno, hata nusu ya kromosomu moja nzima, yaani nusu ya ukili mmoja. Kwa hesabu ya ukili, alikuwa na babu au bibi Mneandathali vizazi vinne hadi sita tu juu yake. Sisi hapa tunaweza kuwataja mababu wa umbali huo. Na bado Wazungu wa leo hawatokani naye. Watu wa Ranis nao, mama na binti na jamaa zao, hawakuacha kizazi.

Ila waliotangulia hawakupotea bila alama kabisa. Mwaka 2016 watafiti walipata ndani ya mfupa wa Mneandathali wa milima ya Altai vinasaba vya watu kama sisi, vilivyoingia kiasi cha miaka 100,000 iliyopita. Wasafiri wa mwanzo walioana na wenyeji, na watoto wao wakabaki upande wa pili wa ukoo, si upande wetu.

Mimi Mzanzibari ninayo damu ya Mneandathali?

Kidogo, yumkini. Mwaka 2020 ilionekana kwamba hata Waafrika wana wastani wa asilimia 0.3 hivi, kwa sababu watu walirudi Afrika mara nyingi wakiwa wamebeba vipande hivyo. Kwetu, ambako mtu ana bibi wa Makunduchi na babu wa Oman au Gujarati, kiasi kinaweza kuzidi hapo. Hakikufanyi uwe mwerevu zaidi wala mpumbavu zaidi, kwa hiyo jamaa wa barazani wasianze kuhesabiana.

Na Ushirazi?

Hilo ni swali la miaka elfu moja, si la miaka elfu hamsini, na lina ukurasa wake. Kwa ufupi: utafiti wa mwaka 2023 juu ya makaburi ya miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara yakiwemo, ulikuta kwamba wengi wa waliozikwa pale walitokana na mama za Kiafrika na, kwa kiasi kikubwa, baba kutoka Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000.

Hao waliotoka Afrika walipita hapa kwetu?

Hakuna ushahidi huo, na sitautunga ili nipendeze wageni wa Kuumbi. Njia zinazozungumzwa ziko kaskazini: rasi ya Sinai, au mlango wa Bab el-Mandeb kati ya Djibuti na Yemen.

Lakini Kuumbi inafundisha jambo moja. Tabaka zake za chini zina miaka kama 20,000, na ndani yake mna mifupa ya punda milia. Punda milia Unguja? Wakati ule wa baridi kuu maji mengi yaliganda kuwa barafu, bahari ikashuka kiasi cha mita 120, na mlango wa Zanzibar, ambao hauna kina kikubwa, ukawa nchi kavu. Mtu alitembea kwa miguu kutoka bara. Pemba sivyo. Mlango wa Pemba ni wa mamia ya mita, haukukauka, na aliyefika kule alipanda chombo. Wapemba wenzangu hupenda sana kulisikia hili, sijui kwa nini.

Vinasaba navyo vimetoka kwetu. Mwaka 2017 vilitangazwa vya mtu wa Kuumbi wa kiasi cha miaka 1,300 iliyopita na mtu wa pango la Makangale, kaskazini ya Pemba, wa kiasi cha miaka 1,400. Wote wawili walikuwa wa koo za wawindaji wa kale, jamaa wa mbali wa Wahadza. Mtu mwingine wa Pemba, wa miaka 600 hivi, alikuwa na asili ya wakulima wa Kibantu. Nafasi moja, watu tofauti, kwa tofauti ya miaka 800. Ndiyo kisa cha Misliya, ila chetu ni kifupi.

Kama wote tumetoka Afrika, kwa nini mfupa mzuri utoke Siberia?

Joto. Vinasaba hukatika haraka mahali pa joto na unyevu, na Siberia ni friji. Vinasaba vya kale zaidi vya binadamu vilivyosomwa kusini ya Sahara bado havijafika mbali zaidi ya miaka 20,000 hivi, wakati mifupa yenyewe ni ya zamani mno: Omo Kibish, Ethiopia, ya zaidi ya miaka 200,000, na Jebel Irhoud, Moroko, ya kiasi cha miaka 300,000. Yaani kwenye chimbuko lenyewe tuna mifupa bila jeni, tunategemea umbo la fuvu na vinasaba vya walio hai. Tumaini lipo kwenye ule mfupa mgumu wa ndani ya sikio, ambao ni mzito kama jiwe na huhifadhi vinasaba kuliko paja au mbavu. Wengi wa watu wa kale wa Afrika waliosomwa, walisomwa kutokana na huo.

Wataalamu hukosea?

Hukosea, na kuna kisa nakisimulia kila mwaka. Mwaka 2015 vilitangazwa vinasaba vya mtu wa pango la Mota, Ethiopia, wa miaka 4,500 iliyopita. Usomaji ulikuwa safi. Lakini walipolinganisha na watu wa leo walitoa jawabu kubwa: kwamba watu waliorudi kutoka Asia ya magharibi walisambaza vinasaba Afrika nzima, hadi Afrika Magharibi na Kongo. Miezi michache baadaye wenyewe wakasahihisha. Katika kompyuta walikuwa wameruka hatua moja ya kuyaweka mafaili mawili katika mfumo mmoja, na nafasi kadhaa zilizofanana zikatupwa, hivyo Mota akaonekana yu mbali na Waafrika wenzake kuliko alivyo. Mchanganyiko wa Afrika Mashariki ulibaki kweli, wa Afrika nzima ulifutika. Dalili ilikuwepo tangu mwanzo: matokeo yalimfanya Myoruba awe na asili ya Asia ambayo hakuna kipimo kingine kilichowahi kuiona.

Na kuna fumbo lisilofunguliwa. Huko Madjedbebe, kaskazini ya Australia, zana za mawe zilipewa mwaka 2017 umri wa miaka 65,000. Waaustralia wa asili wanao wekundu ule ule wa Waneandathali kama wengine. Kama mchanganyiko ni wa miaka 50,000, waliotengeneza zana hizo ni nani? Wapo wanaosema mchanga wa pale ulisogea na zana zikazama chini kuliko umri wake. Wapo wanaosema walikuwa watu wa mwanzo, ambao nafasi yao ilichukuliwa baadaye. Mifupa ya tabaka hilo haipo, kwa hiyo kila upande bado una la kusema. Mimi naegemea upande wa mchanga, lakini sitaapa.

Haya yote yanasema nini juu ya umoja wa watu?

Yanasema mambo ya kuhesabika. La kwanza, watu wawili wowote hutofautiana kwa takriban herufi moja katika kila 1,000. Sokwe wa Afrika, ambao ni wachache mno kwa idadi, wanatofautiana zaidi kuliko sisi mabilioni.

La pili, tofauti hizo hazikugawanyika kwa rangi. Tangu hesabu za mwaka 1972 mpaka za leo, karibu asilimia 85 ya tofauti zote zimo ndani ya jamii yoyote moja. Chukua abiria wa boti ya asubuhi kutoka Unguja kwenda Pemba: sehemu kubwa sana ya tofauti za dunia wameshaibeba wao.

La tatu, Afrika ina utofauti mwingi zaidi, na unapungua hatua kwa hatua kadiri unavyokwenda mbali, Mashariki ya Kati, Asia, mpaka Amerika Kusini. Kila kundi lililohama lilibeba sehemu tu ya lile lililobaki, kama anayechota ndoo kisimani, na mwingine akachota kikombe kutoka ndoo ile. Hapa mifupa na jeni zinakubaliana bila kusukumwa: mwaka 2007 vipimo vya mafuvu ya maelfu ya watu duniani vilionyesha mteremko ule ule. Kwa maana hiyo wasio Waafrika ni tawi moja la mti wa Afrika. Msandawe na Myoruba wanaweza kuachana kwenye mti huo kabla Mzungu na Mchina hawajaachana.

Na ngozi? Watu wa Ranis, Ulaya, miaka 45,000 iliyopita, kwa mujibu wa jeni zao walikuwa weusi wa ngozi na macho ya kahawia. Weupe wa Ulaya ulienea baadaye sana.

Yule "Hawa" wa wanasayansi ndiye Bibi Hawa wetu?

Bi mkubwa mmoja wa Jambiani aliniuliza hili kwa upole, na nilimjibu kwa upole. Hapana, jina limeazimwa tu. Wanamaanisha mwanamke ambaye nasaba ya mama kwa mama, inayobebwa na mitokondria, viungo vidogo ndani ya seli vyenye vinasaba vyao wenyewe, ya watu wote wa leo inakutana kwake, labda miaka 150,000 hadi 200,000 iliyopita. Hakuwa mwanamke pekee wa zama zake. Wenzake walizaa pia, ila mahali fulani njiani uzao wao ulipitia kwa wana wa kiume tu, na mwanamme harithishi mitokondria. Hilo halimthibitishi Bibi Hawa wala halimkanushi. Ni hesabu ya nasaba moja tu.

Nikiokota mfupa pangoni nifanye nini?

Usiuchukue. Usiuoshe, maana maji na jua la uani huharibu kwa siku chache kilichokaa miaka elfu. Usiupake gundi wala vanishi ili ung'ae. Mahali ulipolala ni nusu ya thamani yake, kwa sababu mkaa na makombe ya pembeni ndiyo yanayotoa tarehe. Piga picha, weka kitu cha kulinganisha ukubwa, hata sarafu, weka alama mahali, kisha wapelekee habari watu wa makumbusho na mambo ya kale. Na kama umeshaushika kwa mkono mtupu, waambie. Watakuchukua mate kidogo kwa pamba, wapate kujua herufi zipi ni zako na zipi ni za marehemu.